Mwalimu wa Nyumbani au Tuisheni ya Kundi?



Kila ufikapo mwezi wa Juni, wazazi wenye watoto wa Kidato cha Nne hutujia na swali moja. Hutujia kwa kuwa tulifundisha kwa miaka mingi, tena kwa kuwa sasa tumestaafu na wanajua watatukuta nyumbani. Swali lenyewe ni hili: mtoto amebakiza muhula mmoja kabla ya mtihani wa taifa, na masomo yake hayaendi vizuri. Je, tumtafutie mwalimu wa kumfundisha peke yake nyumbani, au tumpeleke kwenye tuisheni ya kundi pamoja na wenzake?

Wengi hulichukua swali hili kuwa la fedha tu. Huuliza bei ya hapa na bei ya pale, kisha mwenye nacho huchukua iliyo ghali na asiye nacho huchukua iliyo rahisi, na kila mmoja hudhani ametimiza wajibu wake. Sisi twaona kwamba hesabu ya namna hiyo ina makosa mawili. Kosa la kwanza ni la hesabu yenyewe, maana wazazi hawajui ni kitu gani hasa wanachokinunua. Kosa la pili ni la haki, maana fedha ya nyumba si ya mtoto mmoja. Tutayaeleza yote mawili kwa kutumia mfano wa jamaa mmoja wa hapa kwetu Muheza, ambao wametukubalia tuueleze mradi tusiwataje majina.

Mwezi wa Juni mwaka 2024 walitujia baba na mama wa binti mmoja wa Kidato cha Nne katika shule ya kutwa. Baba ana shamba dogo la michungwa, na mama hushona nguo nyumbani. Binti yao alikuwa akipata alama za wastani katika masomo mengi, lakini Hesabu zilimshinda kabisa. Walikuwa wameambiwa bei mbili. Mwalimu wa kuja nyumbani alitaka shilingi 10,000 kwa kipindi cha saa moja na nusu, mara mbili kwa juma. Tuisheni ya kundi, katika chumba cha kupanga karibu na stendi, ilikuwa shilingi 15,000 kwa mwezi, siku tano kwa juma, saa mbili kila jioni, kwa masomo matatu: Hesabu, Fizikia na Kemia.

Baba akasema, "Mwalimu, hapa hakuna la kuuliza. Huyu anataka elfu kumi kwa kipindi kimoja, na wale wanataka elfu kumi na tano kwa mwezi mzima. Ila mama yake amekazania huyu wa nyumbani."

Tukawaomba waketi, tukachukua daftari, tukaanza kuhesabu muhula.

Jambo la kwanza ni kujua muhula una majuma mangapi ya kusoma kweli. Toka shule zinapofunguliwa mwanzoni mwa Julai hadi mtihani unapoanza katikati ya Novemba ni majuma kama 19. Humo mna juma moja la mtihani wa majaribio wa mkoa, juma moja la likizo fupi, na kwa uzoefu wetu juma jingine hupotea kwa homa, kwa msiba au kwa mwalimu kusafiri. Yakabaki majuma 16. Mzazi anayepiga hesabu kwa majuma 19 hujidanganya pande zote mbili, yaani katika fedha atakayotoa na katika masomo atakayopata.

Sasa tuisheni ya kundi. Ada ni shilingi 15,000 kwa mwezi, nayo hutozwa miezi mitano, maana Novemba hulipwa kamili hata kama masomo ni ya nusu mwezi. Hiyo ni shilingi 75,000. Kujiandikisha ni shilingi 5,000. Karatasi za majaribio na fotokopi ni shilingi 1,000 kila juma, nazo kwa majuma 16 ni shilingi 16,000. Mama akadhani tumemaliza. Tukamwuliza, "Binti atatoka saa ngapi?" Akasema saa moja jioni. "Na atarudije nyumbani?" Hapo wakatazamana. Ni mwendo wa zaidi ya nusu saa, na giza limeingia. Kumrudisha kwa bodaboda ni shilingi 1,000 kila jioni, siku tano kwa juma, majuma 16. Hiyo ni shilingi 80,000, yaani nauli inaizidi ada. Jumla yote ikawa shilingi 176,000.

Kisha mwalimu wa nyumbani. Vipindi viwili kwa juma kwa majuma 16 ni vipindi 32, kwa shilingi 10,000 kila kimoja, ndiyo shilingi 320,000. Nauli na chai ya mwalimu tukaweka shilingi 1,000 kila kipindi, yaani 32,000, na kitabu cha mitihani iliyopita shilingi 8,000. Jumla shilingi 360,000. Ni zaidi kidogo ya mara mbili ya kundi, wala si mara nyingi kama baba alivyodhani, lakini ni fedha nyingi kwa nyumba ile.

Wazazi wengi huishia hapo. Wakiendelea kidogo, hugawanya kwa saa. Kundi ni saa 160, kwa hiyo kila saa ni shilingi 1,100. Mwalimu wa nyumbani ni saa 48, kwa hiyo kila saa ni shilingi 7,500. Mtu akitazama hesabu hiyo atasema kundi ni rahisi karibu mara saba, na shauri limekwisha.

Lakini saa ya darasani si kitu kimoja na saa ya mtoto wako. Chumba kile kilikuwa na watoto 40. Katika saa mbili, yaani dakika 120, mwalimu mwema hutumia kama dakika 90 ubaoni akieleza na kuandika. Zikibaki dakika 30 za kupita kati ya madawati na kuangalia madaftari, kila mtoto hupata sekunde 45. Kwa jioni 80 za muhula mzima, sekunde hizo ni dakika 60 tu. Na kwa kuwa Hesabu zilifundishwa siku mbili kati ya tano, binti yule angepata dakika 24 za Hesabu tangu Julai hadi Novemba ambazo jicho la mwalimu lingekuwa juu ya daftari lake. Nazo angezipata kama mwalimu anapita kila siku bila kukosa, jambo ambalo sisi tuliowahi kufundisha tunajua halitokei.

Hatusemi hayo kwa kuwadharau walimu wa tuisheni. Sisi wenyewe tulifundisha hivyo miaka ya 1980, wakati mshahara ulipokuwa haufiki katikati ya mwezi. Tulikodi chumba, tukawasha karabai, tukafundisha watoto zaidi ya 50 kwa mara moja. Kulikuwa na kijana mmoja aliyeketi mstari wa tatu karibu na dirisha. Alihudhuria miaka miwili, hakukosa siku, na alilipa kila mwezi kwa fedha ya kuuza kuni. Daftari lake lilikuwa safi kuliko yote, kila jibu sahihi. Alipofeli tulishangaa, tukaliomba daftari lile tulisome upya. Tukaona kwamba kila jibu lilikuwa limenakiliwa kutoka ubaoni. Kwa miaka miwili hatukuwahi kuona kosa lake hata moja, kwa kuwa hatukumpa nafasi ya kulifanya mbele yetu. Fedha yake tuliipokea. Jambo hilo halijatutoka moyoni hata leo, na ndilo linalotufanya tuandike makala haya.

Basi, mzazi anunue nini? Jibu letu ni kwamba hawezi kujua mpaka ajue mtoto anapoteza alama zake wapi. Na kulijua hilo hakuhitaji fedha, ila asubuhi moja ya Jumamosi.

Tulimwambia binti aje na karatasi ya Hesabu ya mwaka uliopita. Katika mitihani ya miaka ya karibuni karatasi hiyo ni ya saa tatu, ina maswali 14 na yote hujibiwa: kumi ya kwanza yana alama 6 kila moja, na manne ya mwisho yana alama 10 kila moja, jumla 100. Tukamweka mezani na saa ya ukutani mbele yake, bila kitabu na bila kumsaidia. Saa tatu zilipokwisha tukasahihisha. Alipata 24. Kwa viwango vya Baraza la Mitihani, alama D huanzia 30 na C huanzia 45. Kwa hiyo alikuwa na F.

Lakini hiyo 24 haikutusaidia kitu. Kilichotusaidia ni zile 76 alizokosa. Tulizipitia moja moja pamoja naye, tukaziweka katika vikapu vitatu.

Kikapu cha kwanza ni mambo ambayo hajafundishwa, au alifundishwa siku ambayo hakuwapo. Huyu binti hakujua lolote juu ya matriksi, wala juu ya uwezekano, na maswali hayo aliyaacha wazi. Kikapu hiki kilikuwa na alama 30.

Kikapu cha pili ni mambo aliyofundishwa, anayoyajua kwa jina, lakini kila akiyafanya hukosea, tena hukosea kwa namna ileile. Hapa zilikuwa alama 34. Tulipozichunguza, tukaona kwamba hazikutokana na makosa mengi, bali na makosa matatu tu yanayojirudia. Moja lilikuwa hili: kila alipoona alama ya kutoa mbele ya mabano, aliigawa kwa namba ya kwanza na kuisahau ya pili. Mahali palipoandikwa 5 - 2(x - 3), yeye aliandika 5 - 2x - 6, na ilipasa kuwa 5 - 2x + 6, yaani 11 - 2x. Kosa hilo dogo lilikuwa limeharibu maswali manne ambayo hatua zake nyingine zote zilikuwa sawa. Mengine mawili yalihusu kugawanya visehemu, na kuhamisha namba upande wa pili wa alama ya sawasawa bila kubadili ishara yake. Haya ni mambo ya Darasa la Saba na Kidato cha Kwanza. Alikuwa ameyabeba miaka minne na hakuna aliyeyaona.

Kikapu cha tatu ni alama zilizopotea kwa mtindo wa kufanya mtihani: muda ulikwisha, au hakulielewa swali kwa kuwa limeandikwa kwa Kiingereza, au alijibu jambo ambalo hakuulizwa. Hapa zilikuwa 12.

Sasa, wapenzi wasomaji, tazameni jinsi vikapu hivi vinavyojibu swali la wazazi. Alama za kikapu cha kwanza zinapatikana vizuri katika kundi. Mtoto asiyejua matriksi anahitaji mtu wa kumweleza matriksi tangu mwanzo, na maelezo hayo ni yaleyale kwa mtoto mmoja au kwa 40. Kulipa shilingi 7,500 kwa saa ili kuelezwa jambo ambalo lingeelezwa kwa shilingi 1,100 ni kutupa fedha. Alama za kikapu cha tatu hazihitaji mwalimu wa kulipwa hata kidogo, ila karatasi za zamani, saa ya ukutani, na mtu wa nyumbani wa kumwambia, "Muda umekwisha, weka kalamu chini."

Lakini kikapu cha pili hakiponi katika kundi. Mwalimu aliye ubaoni atafungua mabano kwa usahihi, mtoto atanakili kwa usahihi, na kosa litabaki kichwani mwake likingojea chumba cha mtihani. Linahitaji mtu aliyeketi karibu, anayetazama mkono wa mtoto unapoandika na kusema, "Simama hapo. Kwa nini umeandika hivyo?" Hicho ndicho kitu ghali. Mzazi anapomlipa mwalimu wa nyumbani, hicho ndicho anachokinunua, na asipokipata amelipa bure.

Kwa hiyo, kama kikapu cha kwanza ndicho kikubwa, na mtoto ana bidii ya kujisahihisha, kundi linatosha. Kama kikapu cha tatu ndicho kikubwa, fedha ikae nyumbani. Kikapu cha pili kikiwa kikubwa, kama kwa binti yule, ndipo mwalimu wa karibu anapofaa.

Mama alifurahi kusikia hivyo, maana ndivyo alivyotaka tangu awali. Akasema, "Basi tutatoa hiyo laki tatu na sitini." Tukamwuliza itatoka wapi. Akanyamaza. Baba ndiye aliyejibu kwamba fedha ya machungwa ya msimu ule ilikuwa imeahidiwa kwa kaka yake binti, aliyekuwa akijifunza ufundi wa umeme kwa fundi mmoja mjini, na sasa alihitaji vifaa vyake mwenyewe vya shilingi 150,000 ili aanze kupewa kazi. "Yeye atangoje mwakani," akasema. "Mtihani haungoji."

Hapo ndipo lilipo lile kosa la pili. Kweli, mtihani haungoji. Lakini je, ni haki kumnyang'anya mtoto mmoja alichoahidiwa ili kumwongezea mwingine, kwa sababu tu wa pili ana tarehe na wa kwanza hana? Kijana yule hakuwa na Baraza la Mitihani la kumpangia siku. Hakuna jirani ambaye angeuliza matokeo yake. Kwa hiyo haja yake ilionekana ndogo, ingawa kwa kweli ilikuwa kubwa, maana bila vifaa angebaki mbeba ngazi wa mtu mwingine mwaka mzima. Twaona wazazi wengi wanaowapenda watoto wao wote sawa hufanya jambo hili bila kukusudia. Fedha hufuata kelele, na mtihani wa taifa una kelele nyingi.

Wako watakaosema kwamba mzazi ndiye mwenye mali, naye hutoa apendavyo. Sisi hatukubali kwamba ndivyo ilivyo katika fedha iliyokwisha kuahidiwa. Ahadi ya baba kwa mwanawe ni deni kama deni la dukani. Ikiwa lazima ivunjwe, haina budi mwenye ahadi aitwe, aelezwe hesabu yote, na aulizwe. Akikubali kwa hiari, amemsaidia dada yake, na jambo hilo litawaunganisha. Akisikia baadaye kwamba ameamuliwa bila kuulizwa, atamwona dada yake kama mtu aliyemla. Na binti naye, akijua, ataingia chumba cha mtihani akiwa na mzigo wa kaka yake mgongoni. Gharama hiyo haikuwamo katika daftari letu, ila ilikuwamo nyumbani mwao.

Kijana aliitwa siku ile ile. Alisikiliza, akauliza swali moja tu: "Kwani mwalimu huyo hawezi kumfundisha na mwingine?"

Hatuoni haya kusema kwamba sisi wenye miaka yote ile ya ualimu hatukuwa tumelifikiria. Tukarudi kwenye daftari. Mwalimu alipoulizwa kama angewafundisha watoto watatu kwa pamoja, alisema angetaka shilingi 15,000 kwa kipindi badala ya 10,000. Watatu wakigawana sawa ni shilingi 5,000 kila mmoja, yaani shilingi 160,000 kwa vipindi 32. Na muda? Dakika 90 kwa watoto watatu ni dakika 30 kila mmoja. Kwa vipindi 32 ni saa 16. Linganisheni: kwa shilingi 176,000 za kundi angepata dakika 24 za jicho la mwalimu katika Hesabu; kwa shilingi 360,000 za mwalimu wa peke yake angepata saa 48; na kwa shilingi 160,000 za watatu angepata saa 16. Tena saa 16 zinatosha kwa makosa matatu, maana mtoto anapofanya swali lake, mwalimu huwa kwa mwenzake, na huo muda wa kujaribu bila kutazamwa nao una faida.

Mpango huu una masharti, na pale yasipotimizwa huharibika. Watoto hao watatu wawe na kikapu cha pili kinachofanana. Ukimchanganya mwenye A na mwenye F, mmoja atangoja na mwingine ataona haya. Wasizidi watatu, au wanne kwa shida, maana kila anayeongezwa kwa ajili ya kupunguza ada hupunguza dakika za wote, na baada ya mwezi mtakuta mmejenga tuisheni ya kundi sebuleni kwenu.

Mtoto wa pili alipatikana upesi, binti wa jirani. Wa tatu aliyefaa alikuwa mvulana anayelelewa na mama peke yake, muuza maandazi, naye hakuweza kutoa shilingi 5,000 kwa kipindi. Wangeweza kumtafuta mwingine mwenye uwezo. Baada ya kushauriana, nyumba mbili zilikubali kutoa shilingi 6,000 kila moja, na mama wa maandazi shilingi 3,000. Tuliwauliza kama wana hakika, kwa kuwa wema wa namna hiyo usiopimwa mwanzoni hugeuka masimango katikati ya njia. Wakapiga hesabu: shilingi 192,000 kwa vipindi vyote, na kitabu shilingi 8,000, jumla 200,000. Ilizidi bei ya kundi kwa shilingi 24,000, na ilipungua 160,000 katika bei ya mwalimu wa peke yake. Vifaa vya kijana vikanunuliwa.

Tuliwapa na maonyo machache, ambayo twawapa nanyi. Mwalimu alipwe kwa kipindi alichofundisha, wala si muhula mzima kwa mara moja. Akilipwa mbele, vipindi vya mwisho huwa na udhuru mwingi. Masomo yafanyike barazani au sebuleni mlango ukiwa wazi na mtu mzima akiwa karibu, hata kama mwalimu ni mtu wa kuaminika, maana utaratibu huo humlinda mtoto na humlinda mwalimu pia. Mzazi asiyejua Hesabu anaweza kuangalia jambo moja: kalamu iko mkononi mwa nani? Ikiwa kila apitapo huikuta kwa mwalimu, basi mwalimu ndiye anayefanya mazoezi. Tena daftari lisilo na kosa hata moja ni dalili mbaya. Na baada ya kila majuma mawili, mtoto apewe swali la zamani alilokosa, namba zikiwa zimebadilishwa, alifanye peke yake. Kosa likirudi mara tatu, mwalimu aelezwe, na isipobadilika, mwalimu abadilishwe.

Wasomaji watataka kujua mwisho wake. Baada ya majuma saba kosa la mabano lilikwisha kabisa kwa binti yule, na lile la visehemu lilipungua. Majuma yaliyobaki mwalimu aliwafundisha matriksi na uwezekano. Kwa Fizikia hakulipiwa chochote. Alikuwa akimfuata mwalimu wake wa shule wakati wa mapumziko na swali moja kila siku, naye hakumfukuza. Matokeo yalipotoka Januari mwaka 2025, binti alipata D ya Hesabu, na kwa jumla daraja la tatu. Binti wa jirani alipata D pia. Yule mvulana wa shilingi 3,000 alipata C.

Mama alikuja kwetu juma lile. Baada ya kuamkiana alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Mwalimu, nakuuliza bila kinyongo. Kama tungemwachia binti saa zote 48, si angepata hiyo C yeye?"

Hatukumdanganya. Tulimwambia kwamba huenda angeipata. Muhula mmoja hauwezi kufuta miaka minne yote, na saa zaidi huenda zingefuta zaidi. Mwenye kuwaambia wazazi kwamba kugawana hakuna hasara anawadanganya. Lakini tukamwuliza naye: kama C ile ingenunuliwa kwa vifaa vya kijana wako, na kwa mvulana yule kubaki nje, ungeiweka wapi katika nyumba yako?

Akafikiri. Akasema kwamba kijana sasa analipwa, na mwezi uliopita ndiye aliyenunua unga. Kisha akatuomba tumtazamie karatasi ya mdogo wao, aliye Kidato cha Pili, tumpangie vikapu vyake mapema, kabla makosa hayajafikisha miaka minne.

Tukamwambia amlete Jumamosi, na asisahau saa ya ukutani, maana yetu imekufa.